Deni la karani na tundu la kwenye daftari

"Ninaandika riwaya kuhusu ofisi ndogo ya mji inayotoa vibali vya ujenzi. Karani wangu, Zuberi, anachukua hongo sura ya tatu, anachukua tena sura ya tano, ya saba na ya tisa, halafu anakamatwa. Rafiki zangu wawili wameisoma wakasema inajirudia na mwisho wake unajulikana mapema. Zuberi ana deni pia, ila nimelitaja mara moja tu. Nifanye nini ili fedha ziisukume hadithi?"

Ndugu yangu, anza na hilo deni ulilolitaja mara moja. Hongo zako zinajirudia kwa sababu kila moja inakamilika palepale ilipoanzia: mteja anatoa, karani anapokea, faili linatembea, sura inaisha. Hakuna kinachobaki kikidai. Hadithi inasukumwa na salio, yaani kile kilichobaki bila kulipwa baada ya watu kuagana mlangoni, na mtu mwenye deni analala na salio, anaamka nalo, analipeleka kazini.

Kwa hiyo kaa na kalamu ulifanyie deni la Zuberi hesabu. Usihangaike na sarafu wala bei za mahali fulani. Sema mshahara wake ni 100, na kila kitu kipimwe kwa huo mshahara. Amekopa 300 kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni 60 kila mwezi, na asipoilipa inaongezwa kwenye deni, ambapo ndani ya miezi minne deni litakuwa limepita 600. Nyumbani anatumia 80, akijibana. Mshahara 100, toa 60 ya riba, toa 80 ya nyumbani: kila mwezi anapungukiwa 40.

Hiyo 40 ndiyo injini yako. Msomaji hana haja ya kuiona hesabu yenyewe, lakini wewe uijue kwa moyo, kwa sababu kila tarehe 30 lazima 40 itoke kwa mtu fulani, na swali la kila sura linakuwa safari hii imetoka kwa nani.

Kabla hujampeleka kwenye hongo, jiulize kwa nini hasemi. Ana mke, ana kaka, ana wenzake kazini. Mwanasosholojia Donald Cressey alizungumza na wafungwa waliohukumiwa Marekani kwa kula fedha walizokabidhiwa, na mwaka 1953 akaeleza mambo matatu aliyoyakuta kwao: tatizo la fedha ambalo mtu anaona hawezi kumweleza yeyote, nafasi ya kulitatua kwa siri kwa kutumia dhamana aliyopewa, na maneno ya kujiambia ili aendelee kujiona mwaminifu. Waandishi wengi hukimbilia hilo la tatu, wakajaza kurasa kwa dhamiri inayomsuta mhusika. Kwa riwaya, la kwanza lina faida kubwa zaidi. Deni la kumuuguza mtoto halimfungi mtu mdomo, kwani ndugu wanachanga. Deni linalomfunga mdomo ni lile lenye aibu ndani yake: alimdhamini rafiki aliyetoroka baada ya mkewe kumkataza, au alizicheza fedha za ada ya mdogo wake. Chagua aibu yako vizuri, maana ndiyo itakayoamua nani hawezi kumsaidia, na watu wasioweza kumsaidia ndio watakaoijaza nyumba yake ukimya.

Sasa tuje ofisini. Mtu mwenye haya kama Zuberi haanzi kwa kunyoosha mkono kwa mteja. Anaanza na fedha ambazo tayari ziko mbele yake. Anapokea ada za maombi, anakata stakabadhi, nakala inabaki kitabuni, jioni anajaza daftari la makusanyo na kesho yake fedha zinapelekwa benki. Mwezi wa kwanza anakopa 40 kwenye makusanyo, akiliita mkopo kimoyomoyo. Tuseme ada ya ombi moja ni 10, na wateja ni watatu kwa siku. Amekula ada za watu wanne. Kuwaingiza hao wanne daftarini anasubiri fedha za wateja wa kesho, na hao wa kesho wanaingizwa kwa fedha za kesho kutwa. Wakaguzi wa hesabu wanaufahamu sana mchezo huu: tundu la jana linazibwa kwa pesa ya leo, na hakuna siku ambayo mambo yote yako sawa.

Ona unavyofanya kazi kwenye hadithi. Mwezi wa kwanza tundu ni 40, mwezi wa pili 80, wa tatu 120. Ofisi inaingiza 30 kwa siku, kwa hiyo mwezi wa tatu stakabadhi ya Jumatatu inafika benki Ijumaa, siku nne baadaye. Ucheleweshaji huo ndio alama pekee ya wizi inayoonekana kwa macho. Mtu akiweka kitabu cha stakabadhi kando ya hati za benki na kulinganisha tarehe, ataona pengo likikua wiki hadi wiki. Na kuna jambo ambalo sijaliona kwenye miswada mingi niliyoihariri: pengo hilo linategemea pia wingi wa wateja. Msimu wa ujenzi ukipoa na ofisi ikaanza kupata mteja mmoja kwa siku, tundu lilelile la 120 linakuwa pengo la siku 12, bila Zuberi kugusa hata senti. Wenzake wanafurahia utulivu, wanapiga soga. Yeye anatazama mlango akiomba mtu aingie.

Hapo hujahitaji mpelelezi wala simu ya vitisho. Mambo ya kawaida kabisa ya ofisi yamegeuka kuwa hatari. Hawezi kwenda likizo, kwa sababu atakayekaa kwenye kiti chake atakuta wateja wa wiki iliyopita hawamo daftarini, na ndiyo maana taasisi zinazojua kazi yao humlazimisha mshika fedha kwenda likizo hata akisema hana haja nayo. Hawezi kuugua. Akifiwa, anazika asubuhi na mchana yuko kazini, watu wanamsifu kwa uchapakazi. Na jambo baya zaidi linaloweza kumpata ni kupandishwa cheo. Hiyo mimi ningeiweka katikati ya kitabu: mkubwa wake anaingia akitabasamu, barua mkononi, makabidhiano wiki ijayo.

Lakini kuna mtu tumemsahau, na ndiye atakayeifungulia hongo mlango. Ni mteja ambaye ada yake imeliwa. Ombi lake haliwezi kwenda kwa mpimaji mpaka malipo yaonekane daftarini. Tumwite Mama Rukia, mjane anayetaka kuongeza chumba apangishe. Alilipa, ana stakabadhi, na faili halitembei. Anakuja mara ya kwanza, Zuberi anamwambia arudi Alhamisi. Anarudi Alhamisi, anaambiwa wiki ijayo. Zuberi anaposema hivyo ana maana ileile ya maneno yake, anahitaji siku chache pesa za wengine ziingie. Ila Mama Rukia ameishi na ofisi miaka yote hiyo. Akisikia "rudi wiki ijayo" mara mbili, anaelewa anaombwa kitu. Jioni anakwenda kukopa.

Hongo ya kwanza ya riwaya yako, basi, Zuberi hakuiomba. Imezaliwa na wizi wake mwenyewe, ikasomwa vibaya na mtu mwaminifu, na mtu huyo akaingia deni ili ailipe. Msomaji anayajua yote hayo. Zuberi anajua nusu, Mama Rukia anajua nusu nyingine. (Utapata tamaa ya kumfanya akope kwa mkopeshaji yuleyule wa Zuberi. Jizuie. Mji ni mdogo, lakini msomaji akiuona mkono wako ukiwakutanisha watu hataiamini hesabu yako yote.)

Tazama sasa jinsi tukio lenyewe lilivyo kwenye mswada wako. Umeandika:

"Nina elfu hizi hapa, naomba unisaidie kibali changu," mteja alisema, akampa bahasha. Zuberi aliipokea kwa tamaa, moyo ukimdunda.

Watu hawasemi hivyo. Hongo ni mapatano ambayo pande zote mbili zinataka zikiulizwa ziweze kukana kwamba yalikuwapo, kwa hiyo fedha haitajwi, na kinachosemwa ni kitu kingine kabisa. Jaribu hivi:

"Shikamoo mama. Lile faili bado, nilikwambia wiki ijayo."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Nimepita tu kukujulia hali." Aliivuta stakabadhi yake kutoka kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza. Safari hii ilikuwa nene. "Nilifikiri huenda mwandiko haukusomeka vizuri."

Zuberi aliitazama namba ya stakabadhi. Aliijua. Ilikuwa ya tatu kutoka juu kati ya zile ambazo bado.

"Inasomeka, mama," alisema.

"Hata hivyo kaa nayo. Itazame vizuri."

Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyetaja pesa. Mama Rukia ana njia ya kurudi nyuma, Zuberi akimgeuka atasema alileta karatasi. Angalia pia kwamba Zuberi sasa ameshika stakabadhi halisi, ile ambayo nakala yake ikilinganishwa na tarehe za benki itamfunga. Amepewa vishawishi viwili kwa mkono mmoja: pesa, na nafasi ya kuupoteza ushahidi. Unaweza kumfanya arudishe pesa na kubaki na stakabadhi. Mimi ningependa hivyo, kwa sababu mji mzima utasema Zuberi hali rushwa, na sifa hiyo itamletea mteja mkubwa.

Mteja mkubwa ni wa aina nyingine, na tofauti yao ndiyo itakayokupa nusu ya pili ya kitabu. Mama Rukia analipa apate haki ambayo tayari ni yake. Mkandarasi anayetaka kujenga ghorofa mahali pasiporuhusiwa analipa apate kitu ambacho hana haki nacho. Kwa wa kwanza, mtoaji ni mwathirika: ana uchungu, na siku moja anaweza kusimama mbele ya watu akasema. Kwa wa pili, mtoaji na mpokeaji wote wana faida, na hakuna atakayelalamika mpaka mmoja aone amepunjwa. Hongo zako nne zote ni za aina hii ya pili, na wahusika wote wameridhika. Ndiyo maana ulilazimika kumleta mpelelezi kutoka nje ili kitabu kiishe. Ukizichanganya, kesi itatoka ndani: mwenye uchungu hana ushahidi mkubwa, mwenye ushahidi mkubwa hana uchungu. Kazi yako ni kumfanya mmoja awe na vyote.

Mkandarasi anampa Zuberi 120. Simama hapo kidogo. Kwa nini 120, na si 100 au 150? Kama kiasi hicho ni sawasawa na tundu la kwenye daftari, kuna mtu anayelijua tundu hilo. Huenda ni tarishi anayepeleka fedha benki na kuziona tarehe, ambaye pia ndiye aliyewakutanisha. Zuberi anazihesabu noti chooni, anafika 120, na badala ya kufurahi anapata baridi. Kiasi cha fedha kimempa habari ambayo hakuna mhusika aliyeitamka. Kila kiasi katika riwaya ya rushwa kinapaswa kuwa na sababu ya namna hii, la sivyo kisitajwe kabisa, andika bahasha tu.

Na 120 inampa uamuzi mgumu wa kweli. Akiziba tundu, daftari liko safi, anaweza hata kukabidhi ofisi, lakini deni la 300 liko palepale na mwezi ujao atapungukiwa 40 zilezile. Akipeleka zote kwa mkopeshaji, deni linashuka hadi 180, riba inakuwa 36, na bado kila mwezi anapungukiwa 16, huku tundu likiwa wazi. Njia zote mbili zina akili na zote mbili hazitoshi. Ili atoke kabisa anahitaji 420. Msomaji akishaielewa hali hiyo, hutakuwa na haja ya kumweleza kwa nini Zuberi alichukua hongo ya pili.

Halafu mkubwa wake anasikia. Hapa ndipo waandishi wengi huweka mkubwa mwenye kitambi na uroho, basi. Mpe naye hesabu. Mtafiti Robert Wade aliandika mwaka 1982 kuhusu idara ya umwagiliaji kusini mwa India, akaonyesha kwamba wahandisi walilipa fedha ili wapangiwe vituo vyenye mapato, kisha wakazirudisha kwa kuwatoza wakulima na kula fedha za miradi. Huo ni utaratibu, una mtiririko wake, na mtu mmoja mmoja ndani yake hata asipokuwa mroho analazimika kukusanya. Mkubwa wa Zuberi naye alilipia kiti chake, kwa fedha ya kukopa, na kiti kina muda: akihamishwa kabla hajazirudisha, amekwisha. Kwa macho yake kosa la Zuberi ni kwamba amekula peke yake. Anamwita, anaongea juu ya ushirikiano kazini, anataka nusu.

Zuberi anabaki na 60. Ndiyo riba ya mwezi mmoja tu. Akiipeleka kwenye tundu, tundu ni 60, na mwisho wa mwezi limerudi kuwa 100. Amefanya jambo ambalo miezi mitatu iliyopita asingeliwaza, na hesabu yake imepiga hatua moja mbele na nusu hatua nyuma. Zaidi ya hapo ana madeni mapya yasiyo ya fedha: mkandarasi anadai kibali, mkubwa anadai utii, tarishi anadai afumbiwe macho. Na kwa kuwa hakuna mahakama inayosikiliza madai ya hongo, kila mmoja lazima ashike kitu cha kumbana mwenzake, barua, sauti iliyorekodiwa, shahidi. Mkandarasi mwenye akili hatoi zote kwa mkupuo. Anatoa nusu kabla, nusu kibali kikisainiwa, na mkubwa akichelewesha sahihi ile nusu ya pili inakuwa kamba inayovutwa na watu watatu.

Kuhusu namna ya kuandika bila kupotea, fungua daftari la riwaya, pembeni kabisa na mswada. Kwa kila tukio la fedha andika nani ametoa, kiasi gani, ameahidiwa nini, nani anajua, na kilichobaki bila kulipwa. Ukikuta tukio ambalo limebadilisha kiasi tu, wala hakuna mtu mpya aliyejua wala ahadi mpya iliyozaliwa, hilo ndilo rafiki zako walilosema linajirudia. Daftari hilo litakuonyesha pia makosa ambayo wasomaji huyaona haraka kuliko tunavyodhani, kama mhusika aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba sura ya nne lakini sura ya tano ana simu mpya bila maelezo.

Jihadhari na fedha zinazoanguka kutoka juu: urithi, bahati nasibu, mjomba kutoka ughaibuni. Zikija kumwokoa mhusika zinaua injini palepale. Zikija kumbana zaidi zinaruhusiwa. Kaka yake akimkopesha 40 kwa moyo mweupe, kwa mfano, akamwambia arudishe atakapoweza, hilo litamwuma kuliko riba, na sasa ana mtu mmoja zaidi wa kumdanganya mezani.

Kwa mswada ulionao, sura ya tatu mpe Mama Rukia, ya saba mpe mkandarasi na 120 yake. Hongo ya sura ya tano iondoe, mahali pake iingie barua ya kupandishwa cheo. Ya tisa iwe ni Zuberi anayetoa badala ya kupokea: anamhonga yule atakayerithi kiti chake asifungue kitabu cha stakabadhi kwa wiki mbili. Mtu huyo mfanye kijana mwenye mshahara mdogo kuliko wa Zuberi na asiye na deni lolote.